Mdogo wangu hawezi kufungua macho baada ya kushikia fundi geti, nimtie hizi tone?

Dada wa Mikindani: Habari zenu. Mdogo wangu ni msaidizi kwenye karakana ya mageti huku Changamwe. Jana kuanzia saa tatu hadi saa tisa alikuwa akishikilia vyuma, fundi anachomelea. Fundi ana kinyago, yeye alikuwa akigeuza uso tu. Jioni alikuwa mzima, kala vizuri. Saa sita usiku kaamka analia: macho yote mawili yamevimba, machozi yanachuruzika, anasema ni kama yametiwa mchanga. Jirani kaleta tone za kutia ganzi alizobakiza hospitalini. Nimtie?

Baba Swaleh: Pole. Huo ni moto wa rodi, sote umetupitia. Mkatie kiazi, umuwekee machoni. Kesho kutwa atakuwa kazini.

Muuguzi wa Macho: Dada, hizo tone usimtie. Zinaondoa maumivu kweli, lakini akizirudia kioo cha jicho hakiponi, kinaweza kutoboka kidonda. Na kiazi tuwaachie wapishi, jicho lililoungua halitaki uchafu. Mpe paracetamol, mfunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya kope zilizofungwa, akae gizani, asifikiche. Kama anavaa lenzi, azitoe. Kuchelewa kuuma ni kawaida: mwale huunguza ngozi ya juu ya jicho, na maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye. Zile sekunde chache chache alizotazama zinajumlishana mchana kutwa. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku 1 hadi 2. Asubuhi apelekwe hospitali apimwe uwezo wa kuona.

Mzee wa Grainda: Mimi liliniuma moja tu, nikadhani ni mwanga. Kumbe kipande cha chuma! Mpelekeni kikatolewe.

Muuguzi wa Macho: Yako ilikuwa kesi nyingine, mzee, ila umetukumbusha jambo. Dada, muulize kama kuna aliyekuwa akisaga chuma karibu naye. Jicho moja likizidi lingine, au akiona ukungu, asingoje asubuhi.

Dada wa Mikindani: Kasema grainda haikuwashwa. Yote mawili sawasawa. Nimemuwekea kitambaa, kanyamaza kidogo. Lakini bosi anasema pazia la kukinga mwanga wa kuchomelea lipo.

Fundi Jomvu: Lipo upande wa barabarani, nawajua! Linawakinga wapita njia, anayeshika chuma yumo ndani na moto. Yeye anahitaji kinyago chake mwenyewe, kioo namba 10 au 11 kwa rodi za kawaida. Miwani ya jua haitoshi. Tena mabati mapya nyuma yake humrudishia mwanga hata akigeuka. Tundikeni turubai zito lisilong'aa.

Baba Swaleh: Vinyago viwili, bosi gani atanunua?

Dada wa Mikindani: Ndilo nitakalomuuliza kesho. Na siku atakazolala nyumbani, analipwa?