Naomba ushauri: tangazo la funga na swala ya kuomba mvua

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku kwetu karibu na Garsen, Tana River, malisho yamekwisha na ng'ombe wanakufa. Wazee wa msikiti wamenipa kazi ya kuandika tangazo la funga na swala ya istiskaa, na nimekwama.

Tunafuata madhehebu ya Shafi: watu hufunga siku tatu mfululizo, wakatubu, wakarudishiana haki na kutoa sadaka, kisha siku ya nne hutoka uwanjani wakiwa bado wamefunga. Nimepanga funga Jumatatu hadi Jumatano, na swala Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ni rakaa mbili kama za Idi, bila adhana wala ikama, kisha hotuba. Nimeandika pia watu waje na nguo za kawaida, si za sherehe, wachukue udhu nyumbani kwa kuwa uwanjani hapana maji, na wazee na watoto waletwe.

Kinachonisumbua ni wachungaji. Wanatembea mchana kutwa kutafuta maji, na siku nne naona zitawaelemea. Nimemuuliza imamu, akasema wasiojiweza wasilazimishwe, ila hakunipa maneno ya kuandika.

Je, niite funga ya Alhamisi peke yake kwa wote, na zile tatu ziwe kwa anayeweza? Na waliowahi kuleta mifugo uwanjani, mliiweka wapi isivuruge safu?