Tupeane uzoefu: umewahi kuulizwa "hii namba umeitoa wapi?" kwenye andiko lako la skolashipu?

Binti_Nakivale
Habari zenu ndugu. Msimu wa maombi umekaribia, na kwenye maandiko ninayoombwa kuyapitia naona wengi wanarudia kosa lililoniangusha mimi. Naanza na langu, nanyi mtoe yenu.

Nilikuwa naongoza klabu ya kusoma ya watoto hapa Nakivale kila Jumamosi. Kwenye andiko niliandika, "Nimewafikia watoto 1,440." Nilikuwa na Jumamosi 30, na rejista ilionyesha wastani wa watoto 48 kila mara, basi nikazidisha. Niliamini kabisa namba ile. Kwenye usaili Kampala, mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Mtoto aliyekuja Jumamosi zote umemhesabu mara ngapi?" Mara 30. Nikanyamaza. Kuanzia hapo kila nilichosema kiliulizwa mara mbili, hata yale ya kweli tupu. Skolashipu sikupata.

Niliporudi nyumbani nilikaa na rejista siku mbili, nikaandika kila jina kwenye karatasi moja. Yakatoka majina 104. Halafu nikagundua Byamungu na Biamungu ni mtoto yule yule, kila msimamizi alimwandika alivyomsikia. Nilipomaliza kuunganisha walibaki watoto 91. Kati yao, 57 walikuja Jumamosi 15 au zaidi. Wengine walionja wakaondoka, au familia ilihama kijiji.

Nimeumia kuona 1,440 ikigeuka 91. Lakini hao 91 nawajua kwa majina.

Kijana_wa_Busia
Pole dada. Mimi nakwepa shida hiyo kwa kuandika asilimia. Asilimia inang'aa na haina maswali. Kikundi chetu cha akiba kilikua kwa asilimia 150 chini ya uongozi wangu, na ni kweli.

Mama_Mbarara
Mwanangu wa Busia, kikundi kilianza na watu wangapi?

Kijana_wa_Busia
8. Sasa tuko 20.

Mama_Mbarara
Basi hesabu yako ni sahihi, ila msomaji hajui umesimama wapi. Kwa miaka 6 nilikuwa nasoma maandiko ya waombaji wa mfuko mdogo wa elimu huku magharibi. Tukikuta asilimia peke yake, tulikuwa tunaandika pembeni, "ya nini?" Andika "kutoka wanachama 8 hadi 20 ndani ya miezi 10." Inachukua nafasi ile ile, nami naona kikundi kizima mbele yangu. Asilimia iache kwa vitu vingi. Ukiwa na watu 8, taja watu.

Dada wa Nakivale, 1,440 yako haikuwa uongo. Ilikuwa jumla ya mahudhurio, nawe ukaipa jina la watoto. Ungeandika "mahudhurio 1,440 ya watoto 91," yule mama asingekuwa na swali hata moja. Kila namba iambatane na neno linalosema imehesabu nini: watu, mahudhurio, kaya, au vitabu vilivyogawiwa. Na hiyo 57 ndiyo ningeitanguliza. Watoto kurudi mara 15 bila kulazimishwa ni jambo zito. Je, ulipima kusoma kwao?

Binti_Nakivale
Ndiyo mama. Mwanzoni kila mtoto alisoma aya moja ya kitabu cha P2, na mwishoni aya nyingine ya ugumu ule ule. Kati ya wale 57, waliosoma bila kusaidiwa walikuwa 18, wakafika 39.

Mama_Mbarara
Vizuri sana. Sasa jilinde mahali pawili. Hao 39 ni wa kundi lililodumu, hatujui wale 34 walioondoka walifikia wapi, kwa hiyo sema wazi "kati ya 57 waliodumu." Pili, Jumatatu hadi Ijumaa walikuwa shuleni. Mwalimu wao naye ana sehemu yake. Usiandike "niliwafundisha watoto 21 kusoma." Andika mlichofanya, kisha mlichokiona mwishoni. Msomaji mzoefu ataunganisha mwenyewe, na atakuamini zaidi.

Pointi14
Samahani wakubwa, mimi nina pointi 14 za UACE. Hiyo namba niiweke kwenye andiko au inatosha kwenye cheti?

Kijana_wa_Busia
Ndugu, hapa tunazungumzia namba za kazi uliyofanya. Matokeo ya mtihani wanayaona kwenye cheti.

Pointi14
Sawa. Lakini nimekuwa nikifundisha hesabu wadogo zangu watatu na majirani. Hiyo inahesabika?

Mama_Mbarara
Inahesabika. Majirani wangapi, tangu lini, siku zipi? Anza daftari leo.

Ofisa_Masika
Langu ni la pesa. Tulichangisha kwa ajili ya tangi la maji la shule, ahadi zikafika shilingi 4,200,000 zikasomwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye ombi lake, "Nilichangisha milioni 4.2." Mimi nilikuwa mtunza hazina. Nilipofungua taarifa ya mobail mani na kitabu cha risiti, kilichoingia kilikuwa 2,650,000. Zingine hazijaingia hadi leo. Mimi niliandika, "Nikiwa mtunza hazina wa kamati ya watu 5, nilisimamia makusanyo ya shilingi 2,650,000, na tangi lilifungwa shuleni." Waliomba uthibitisho, nikatuma nakala ya taarifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye mhuri. Wote wawili tuliomba mfuko mmoja. Sitasema nani alipata, maana sijui walivyoamua, ila mimi swali la pesa halikunipa jasho.

Kama unaomba nje, acha kiasi kwenye shilingi, kisha taja dola za siku ile pesa ilipoingia. Ukibadilisha kwa bei ya leo, namba haitafanana na risiti zako.

Rhino_Arua
Mimi nauliza kuhusu saa. Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, na kazi ya kujitolea inakubalika. Nimejitolea kambi ya Rhino miezi 14, kwa muda wa saa 3 kila Jumamosi. Nilihesabu wiki 60, nikapata 180. Halafu nikapitia meseji za kikundi chetu cha Watsapu: kuna Jumamosi za mazishi, za kupanda mahindi, za Krismasi. Nilizohudhuria kweli ni 47. Saa 141. Je, njia ya kutoka Arua mjini naihesabu? Ni mbali, na napoteza nusu siku.

Ofisa_Masika
Mimi ningehesabu. Usingekuwa barabarani kama si kazi hiyo.

Mama_Mbarara
Mimi nisingeihesabu. Saa ya kuandaa somo ndiyo, maana ni kazi, lakini iandike kando. Aliyeajiriwa hahesabu safari yake ya asubuhi.

Rhino_Arua
Basi nitaandika 141 za kufundisha, na safari nitaitaja kwa maneno. Zilizobaki zitatoka kwenye ajira yangu.

Sauti_Hoima
Na sisi wa redio? Niliendesha kipindi cha afya ya mama wiki 12. Meneja aliniambia redio inasikika wilaya 5, nikaandika "niliwafikia wakazi wa wilaya 5." Sasa naogopa.

Kijana_wa_Busia
Kama inasikika, inasikika. Usijipunguzie.

Mama_Mbarara
Kusikika ni habari ya mnara. Wewe una simu zilizopigwa, ujumbe, maswali mliyojibu. Hizo ndizo zako.

Binti_Nakivale
Lakini mama, wengi wanasikiliza bila kupiga simu. Wakina mama wa kijijini hawana hata salio. Akiandika simu tu, hao wote wanapotea.

Mama_Mbarara
Hapo una hoja, nami sina jibu safi. Labda aziweke zote mbili, na aseme ipi ni ipi.

Sauti_Hoima
Daftari la simu liko kwa fundi mitambo. Nitamfuata Jumatatu kabla hajaanza ukurasa mpya juu ya ule wa zamani.