Naomba ushauri: mistari ya eksirei imepotea kwenye kilovolti 18

Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha nne hapa Nairobi, na swali la mwanafunzi limeninyima usingizi.

Shabaha ni molibdeni. Kwa kilovolti 35, wimbi fupi kabisa ni hc/eV, yaani 1240/35000, nanomita 0.035: elektroni imetoa nishati yake yote kwa fotoni moja. Hapo sawa. Mistari mikali ya 0.071 na 0.063 haisogei nikipandisha volteji, kwani ni ya atomi yenyewe.

Lakini kwa kilovolti 18 kikomo ni 0.069, kifupi kuliko 0.071, na bado mstari huo haupo! Je, ni kwa kuwa elektroni ya ganda la ndani kabisa haing'oki bila kilovolti 20, hivyo hakuna pengo la kujazwa? Nimchoreeje aelewe?