Hipu inabaki sawa baada ya kila kuingiza: mnathibitisha kwa lupu, kwa mababu au kwa mti?

kodi_Nakawa
Wakuu habari za jioni. Naandaa noti za wanafunzi wa mwaka wa pili hapa Kampala, mada ni hipu ya kawaida kwenye arei, ile ndogo ndio inakaa juu, mzazi hamzidi mtoto wake. Kodi yenyewe ni hii:

```python
def ingiza(a, x):
    a.append(x)
    i = len(a) - 1
    while i > 0 and a[(i-1)//2] > a[i]:
        p = (i-1)//2
        a[i], a[p] = a[p], a[i]
        i = p
```

Induksheni ya nje haina ubishi, tunahesabu vitu vilivyoingia: hipu tupu iko sawa, halafu ikiwa ilikuwa sawa kabla ya kuingiza basi iwe sawa baada ya kuingiza. Kazi iko hapo kwenye "iwe sawa baada", maana lupu ikiwa katikati mpangilio umevunjika na huwezi kusema ni hipu. Nimeona watu wanaandika kwa namna tatu. Wapo wanaoweka sharti la lupu na kulithibitisha mzunguko kwa mzunguko, wapo wanaoangalia mababu tu wa nodi mpya, na wapo wanaoandika upya kwa mti na rikasheni. Nyinyi mngechagua ipi, na kwa nini?

roleksi_mbili
Ya lupu bila kufikiri mara mbili. Sharti lako ni moja: kila mtoto na mzazi wake wako sawa, isipokuwa `i` na mzazi wake. Mwanzoni ni kweli kwa sababu umeongeza kitu kimoja tu mwishoni. Ukibadilishana, ile jozi mbovu inatengenezeka na ubovu unahamia ngazi moja juu. Lupu ikisimama, ama uko kwenye mzizi na hakuna mzazi, ama mzazi ni mdogo tayari, basi hakuna jozi mbovu iliyobaki. Mistari minne, twende tukale.

mzee_wa_Tororo
@roleksi_mbili mwanzo wako uko sawa na mwisho wako uko sawa, ni katikati ndio pana shimo. Umesema ukibadilishana ubovu unahamia juu, lakini hukuangalia watoto wa `i`. Mzazi aliyeshuka sasa ndiye mzazi wao, nani kakwambia hawazidi?

Chukua arei hii `[9, 2, 12, 5]` na `i = 1`. Sharti lako linakubali: 9 na 12 sawa, 2 na 5 sawa, mbovu ni 9 na 2 peke yake, na hiyo ndio umeiruhusu. Badilisha. Unapata `[2, 9, 12, 5]`, sasa 9 iko juu ya 5, na lupu imesimama kwa sababu `i` imefika sifuri. Umetoka nje na kitu ambacho si hipu, wakati uthibitisho wako unasema ni hipu.

Sharti linahitaji mguu wa pili: mzazi wa `i` hawazidi watoto wa `i`, yaani babu na wajukuu wako sawa hata kama huyo wa katikati hayuko sawa. Ukiongeza huo hatua inapita. Tuseme mzazi ana P na `i` ina x, x ni ndogo kuliko P. Baada ya kubadilishana x iko juu, ndugu wa `i` alikuwa hapungui P kwa hiyo yuko salama chini ya x. P imeshuka, watoto wa `i` wako salama chini yake kwa ule mguu wa pili. Halafu, na hapa ndipo wanafunzi wanaruka, lazima mguu wa pili wenyewe uthibitishwe upya kwa `i` mpya: babu hakumzidi P tangu mwanzo, na P hakumzidi yule ndugu, kwa hiyo babu hawazidi wote wawili ambao sasa ni watoto wa `i` mpya.

Mwanzoni mguu huo ni bure kabisa kwa sababu nodi ya mwisho haina watoto. Nadhani ndio maana watu hawauoni, hauonekani mpaka mzunguko wa kwanza umepita.

roleksi_mbili
Lakini mzee hiyo arei yako haiwezi kutokea! Ukianza na hipu halali ukaongeza kitu kimoja hutafika kamwe kwenye `[9, 2, 12, 5]` na `i` ikiwa 1. Kodi haina kosa.

mzee_wa_Tororo
Sikusema kodi ina kosa. Nasema hoja yako haijui kwamba hali hiyo haitokei, kwa sababu wewe mwenyewe hukuiambia. Kwenye induksheni hatua inatumia kile ulichoandika tu, si kile unachokijua kichwani.

foleni_Mbale
Samahani naingilia, mimi naona shida yangu ni hiihii. Tuna programu ya foleni ya wagonjwa kwenye kliniki, namba ndogo ndio anahudumiwa kwanza. Kuingiza kunafanya kazi lakini baada ya muda wa kazi mgonjwa mwenye namba kubwa anatoka kabla ya mwenye namba ndogo, siku nyingine haitokei kabisa. Natumia `heappush` ya Python na fanksheni yangu ya kupandisha pale nesi anapobadilisha namba. Kwa hiyo `heappush` haina uthibitisho au vipi?

mzee_wa_Tororo
`heappush` iko salama, nesi anabadilisha namba ngapi kwa wakati mmoja?

foleni_Mbale
Fomu inamruhusu abadilishe wengi halafu anabonyeza hifadhi. Ndani ya kodi naandika namba mpya zote kwanza, halafu napandisha kila aliyepungua namba. Wale walioongezeka namba nawaacha, nilifikiri watashuka wenyewe wengine wakipanda.

mzee_wa_Tororo
Basi @roleksi_mbili ile arei "isiyotokea" imetokea Mbale. Anza na `[1, 4, 12, 5]`, hipu nzuri. Nesi anampa wa kwanza 9 kwa sababu ametulia, na yule wa 4 amezidiwa anapewa 2. Kabla ya kutengeneza chochote una `[9, 2, 12, 5]`. Unapandisha 2, unapata `[2, 9, 12, 5]`, na yule wa 5 amefungiwa nyuma ya 9. Akitoka 2, wa mwisho yaani 5 anahamia juu na foleni inajinyoosha kwa bahati tu, ndio maana siku nyingine huoni kitu. Kwenye foleni ndefu zaidi bahati hiyo hupati.

Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Badilisha 1 iwe 9 na umshushe papo hapo: `[4, 9, 12, 5]`, halafu `[4, 5, 12, 9]`. Sasa ndio umpe 2 aliyekuwa 4, ambaye tayari yuko juu, `[2, 5, 12, 9]`, kwisha. Au kama ni wengi, andika zote halafu ita `heapify` kwenye listi nzima, kazi yake inakua sambamba na idadi ya wagonjwa, kwa foleni ya kliniki hutahisi. Na weka kipimo kinachopita indeksi kuanzia 1 hadi mwisho na kuangalia `a[(k-1)//2] <= a[k]`, kiite baada ya kila hifadhi, kitakuonyesha tatizo siku linapozaliwa na si saa mgonjwa anapolalamika.

foleni_Mbale
Asante sana mzee. Naenda kujaribu.

dada_Arua
Mimi ni wa mababu, na sijui kwa nini nyote mmekimbilia lupu. Tazama tu nodi kutoka mzizi mpaka nafasi mpya. Kwa kuwa ilikuwa hipu, mlolongo huo umepangika kuanzia mdogo. Lupu nzima inachofanya ni kuipenyeza x mahali pake kwenye mlolongo uliopangika, na waliomzidi wanashuka hatua moja. Mfano `[2, 5, 8, 9, 6, 12]` unaingiza 1: mababu ni 2 na 8, mlolongo unakuwa 1, 2, 8, na arei ni `[1, 5, 2, 9, 6, 12, 8]`.

Sasa swali ni walio nje ya mlolongo, kama 5 na 12. Kila nafasi ya zamani kwenye mlolongo imebaki na namba yake, au imepata x ambayo ni ndogo kuliko iliyokuwepo, au imepata namba ya mzazi wake wa zamani ambayo haizidi iliyokuwepo. Yaani hakuna nafasi iliyopanda thamani. Mzazi asipopanda, mtoto wa pembeni hawezi kudhurika. Hakuna mguu wa pili, hakuna babu na wajukuu. Na ile kesi ya Mbale unaiona hapohapo, 9 kisha 2 si mlolongo uliopangika kwa hiyo hoja haianzi kabisa.

mzee_wa_Tororo
Hii ni nzuri dada, kwa ubao ningeichukua. Ila umesema "lupu inaipenyeza x mahali pake" kama kitu kinachojulikana, na hicho nacho kinataka induksheni yake ndogo. Na ukienda kwenye programu ya kuhakiki kodi itakuomba sharti la lupu tu, utarudi kwenye miguu miwili.

dada_Arua
Sawa, lakini wanafunzi wa kodi_Nakawa wana kalamu na karatasi ya mtihani, hawana hiyo programu.

Gulu_usiku
Mimi natetea mti. Nodi ikiwa na thamani, kushoto na kulia, kuingiza ni kubakisha iliyo ndogo kati ya x na mzizi, ile nyingine unaisukuma kwenye mti mdogo mmoja. Induksheni inafuata umbo la mti, msingi ni mti mtupu. Ujanja ni kuthibitisha pamoja kwamba mzizi wa matokeo ndio ndogo kati ya x na mzizi wa zamani, bila hilo hatua inakwama kama ya roleksi_mbili ilivyokwama. Hakuna indeksi, hakuna lupu.

dada_Arua
Na hakuna kodi ya swali pia 😅 hiyo inateremka kutoka juu, kodi yake inapanda kutoka chini. Umethibitisha programu nyingine.

Gulu_usiku
Wazo ni lilelile jamani.

mzee_wa_Tororo
Matokeo yanaweza kutofautiana kabisa, hipu mbili halali za vitu vilevile si lazima ziwe arei moja. Siwezi kumpa mwanafunzi alama zote kwa hilo.

Gulu_usiku
Ungekuwa mwalimu wangu ningehama kozi.

kodi_Nakawa
Nafikiria kuanza na mababu wa dada_Arua halafu nionyeshe miguu miwili ya mzee na arei ya Mbale kama mtego. Je kuna kitu kimesahaulika?

mzee_wa_Tororo
Kimoja. Mpaka sasa wote tumethibitisha mpangilio peke yake. Fanksheni inayojaza arei nzima na sifuri nayo inatunza mpangilio baada ya kila kuingiza! Ongeza kwamba vitu vilivyomo ni vilevile vya zamani pamoja na x. Kwa kodi yako ni rahisi maana kila mzunguko unabadilishana tu. Ila wakifungua kodi ya `heapq` watakuta haibadilishani: inashika x pembeni, inateremsha wazazi, inaweka x mwishoni, kwa hiyo katikati ya lupu kuna namba imejirudia na x haimo ndani ya arei. Sharti inabidi liseme "kama x ingekaa kwenye `pos`", yaani nafasi ambayo lupu imefikia. Na fanksheni inayopandisha humo inaitwa `_siftdown`, waonye mapema.

Wakisema haya ni makaratasi matupu waambie kuhusu TimSort, kodi ya Java ya kupanga arei. Mwaka 2015 watafiti walijaribu kuithibitisha kwa programu ya KeY wakakuta sharti la urefu wa vipande kwenye staki linaangaliwa kwa vile vya juu tu, chini yake linaweza kuvunjika. Kodi hiyo ilikuwa inatumika dunia nzima, na mtu akiandaa arei maalumu ilikuwa inaanguka.

roleksi_mbili
Bado nasema kwa mtihani wa dakika 20 sharti langu linatosha, andika pembeni "`i` imetokana na kuingiza" basi.

dada_Arua
Andika uone utapata ngapi.