Chaja: ya 200 kando ya barabara, ya 800 Luthuli, au ya 2,500 dukani?

Mkazi_wa_Umoja:
Wadau, asubuhi nikija tao redio ya matatu ilitoa tangazo la kuonya watu kuhusu chaja feki zinazouzwa rahisi kwenye vibanda vya barabarani. Walisema upime uzito mkononi, usome maandishi kwa makini, na bei ikiwa chini sana ujiulize. Tangazo halijaisha, mchuuzi akagonga dirisha na chaja za 200. Matatu nzima ikacheka. Sasa yangu imekufa na lazima ninunue nyingine kabla ya Ijumaa. Kuna hiyo ya 200, kuna ya 800 Luthuli ambayo jamaa anaapa ni orijino, na kuna ya 2,500 kwenye duka lenye risiti. Nichukue gani?

Kerubo_wa_Pipeline:
Simu gani? Na kilichokufa ni kichwa au ni kebo? Umeandika yote isipokuwa hayo mawili.

Baba_Imani:
Angalia herufi CE. Ikiwa nazo, nunua. Pia usichukue ya wati nyingi, itachoma simu. Mimi natumia ya wati 5 tangu zamani na sijawahi kuona shida.

Fundi_Kibanda:
Baba Imani, hizo CE huchapishwa kiwandani pamoja na mengine yote, na anayeghushi jina la kampuni hawezi kuogopa kughushi herufi mbili. Hata stika za KEBS zimewahi kughushiwa. Na wati nyingi hazichomi simu. Simu ndiyo inayoomba umeme, chaja nzuri inatoa kiasi ilichoombwa. Kinachochoma ni chaja isiyoweza kushikilia volti zake.

Jana mteja aliniletea moja ya 200, imeandikwa 5V 2A, nikaifungua. Ndani ya chaja kuna pande mbili: upande wa ukutani wenye volti 240 na upande wa simu wenye volti 5. Kwenye chaja nzuri niliyokuwa nayo mezani, pande hizo zimeachana karibu milimita 6, na ubao umekatwa mfereji katikati. Kwenye hii ya mteja, nyaya za pande zote mbili zimepitana kwa milimita moja hivi. Fyuzi hakuna. Unyevu ukiingia hapo, au vumbi na jasho, 240 inaweza kuvuka hadi kwenye kebo uliyoshika.

Nikaifunga nikaipima na mita ndogo ya USB. Bila mzigo ilionyesha volti 5.1. Nilipoivuta ampea 1, ikashuka hadi 4.3. Ilitulia karibu na ampea 0.6, volti 4.7, yaani hata wati 3 haifiki, ilhali imeandikwa 10. Betri ya 5000 mAh ina kama wati-saa 19. Kwa wati 3 ni zaidi ya saa sita, ukiongeza zinazopotea njiani ni usiku mzima. Ndiyo maana watu huniletea simu wakidhani betri imekufa.

Mkazi_wa_Umoja:
Samahani, ni Samsung A15. Ilikuja bila kichwa kwenye boksi, nilikuwa natumia cha ndugu yangu. Kebo sijui kama ni nzima.

Kerubo_wa_Pipeline:
Basi niwaambie yangu. Mwaka jana nilinunua chaja ya 150 stejini, ya pini mbili za duara. Soketi za nyumba yangu ni za pini tatu, kwa hivyo nilifanya kama wote, nikachomeka biro kwenye tundu la juu ndipo pini zikaingia. Simu ikiwa kwenye chaji, skrini ilianza kucheza. Nagusa hapa, inafungua kule. Siku moja natuma pesa ya maji, naandika 500, inaongeza tano nyingine yenyewe, 5,500! Bahati nilisoma jina na kiasi kabla ya kuweka siri. Nilidhani simu imelogwa. Nikichomoa chaja, skrini inatulia kabisa.

Wiki iliyofuata nikanusa plastiki inaungua usiku. Nilipoishika ekstensheni ilikuwa ya moto na tundu moja limeyeyuka pembeni. Chaja yenyewe ilikuwa bado inafanya kazi! Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Fundi_Kibanda:
Dada, hayo ni mambo mawili tofauti. Skrini kucheza ni kwa sababu chaja haichuji umeme vizuri, kelele zake zinapanda kwenye kebo na skrini inazisoma kama vidole. Kuyeyuka ni pini: zilikuwa zinalegea ndani ya soketi, kila zikitikisika zinatoa cheche na joto. Hata chaja nzuri ukiichomeka kwa biro itafika hapo. Chukua ya pini tatu. Ile ya juu huwa ya plastiki, kazi yake ni kufungua tundu, lakini inashikilia kichwa kisicheze. Na pini mbili za chini ziwe na plastiki nyeusi kwenye shina, si chuma kitupu mpaka mwisho.

Otis_Eastlands:
Lakini chaja yangu ya dukani, na risiti ninayo, inanitekenya nikishika simu pekupeku kwenye sakafu. Mbona?

Fundi_Kibanda:
Inawezekana. Hata nzuri hupitisha kiasi kidogo sana, hasa simu ikiwa na fremu ya chuma. Kutekenya kidogo peke yake sikuhesabu mimi kama ushahidi wa chaja mbovu. Ikikushtua hadi unatupa simu, hiyo iache.

Baba_Imani:
Na stima ya mtaani kwetu inayopanda na kushuka? Mnalaumu chaja tu. Mimi friji yangu iliungua, na friji haina chaja.

Otis_Eastlands:
Baba Imani, friji ina uzi wake wa mazungumzo. Fungua.

Mkazi_wa_Umoja:
Na ule uzito wa redio? Nikishika ya 200 na ya 800 zinafanana.

Fundi_Kibanda:
Nyepesi sana ni dalili mbaya, lakini nzito si hakikisho. Nimewahi kufungua moja nikakuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi, hakijaunganishwa na chochote. Kwa simu yako kuna njia bora. A15 inapokea wati 25. Nenda ikiwa na chaji chini ya asilimia 50, beba kebo ya Taipu-C kwa Taipu-C unayoiamini, umwombe muuzaji achomeke kabla hujalipa. Skrini ionyeshe `Super fast charging`. Ikiandika `Charging` tu, hiyo si ya wati 25 hata aape vipi. Betri ikiwa imejaa jaribio hilo halisaidii, simu yenyewe hupunguza.

Kerubo_wa_Pipeline:
Na ikionyesha hivyo, ndiyo salama?

Fundi_Kibanda:
Inaonyesha tu kwamba inaongea na simu. Ile nafasi ya milimita 6 huioni bila kuifungua. Ndiyo maana mimi nisingenunua mahali ambapo siwezi kuirudisha.

Otis_Eastlands:
Luthuli pia wanarudishiwa. Mimi nina fundi wangu pale, miaka mitatu, sijawahi kulia. Si kila duka la vioo ni la ukweli, na si kila kibanda ni wizi.

Kerubo_wa_Pipeline:
Wewe una fundi wako. Yeye ana jamaa anayeapa.

Mkazi_wa_Umoja:
Nimepita Luthuli jioni. Jamaa wa 800 alikubali kuchomeka, ikaandika `Fast charging`, bila hiyo `Super`. Akasema ni kebo yangu. Kusema kweli kebo ni ile ya zamani, USB pana upande mmoja. Sijanunua. Kesho nitaazima kebo.

Fundi_Kibanda:
Kwa kebo hiyo hata ya 2,500 isingekuandikia `Super`. Huyo hajakudanganya, bado.

Baba_Imani:
Kuna mtu anajua pawabenki nzuri ya chini ya 1,500?