Mrejesho: lile kovu la mzee wa vita vya Kagera

Niliuliza: "Naedit picha ya mzee, kasema kovu lake la shavuni lisiguswe, mwanae anayelipa anataka lifutwe. Nifanyeje?"

Wakuu, nimegoma kulifuta. Sura ni ya mzee, na kovu kalipata 1979. Ila kazi ilikuwepo, maana ngozi ya kovu haina vitundu vya jasho kwahiyo flashi ilikuwa inang'aa pale balaa, nikafungua leya mpya nikashusha ule mng'ao tu, halafu wakati nalainisha uso kovu nikalikinga na maski, bila hivyo kingo zinayeyuka linabaki kama doa la uchafu. Nikazumu asilimia 100, kingo zipo. Mwanae kanuna anataka hela irudi, mzee akamwambia "lipa twende, jua la Dodoma hili silisubiri". Kalipa.