Mteja mtarajiwa kajibu "msinitumie tena imeili". Nimjibu nini bila kuharibu?

Mzee wa Oda (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Tunauza mfumo wa kupokea buking na kusimamia vyumba kwa loji na hoteli za kati: Arusha, Karatu, Zanzibar. Natuma imeili za kujitambulisha kama 40 kwa siku, halafu ujumbe wa kufuatilia kila baada ya siku nne. Juzi mama mmoja anayeshughulikia manunuzi kwenye kampuni yenye loji kadhaa kajibu mstari mmoja tu: "Naomba msinitumie tena imeili." Hakutukana, hakueleza sababu.

Huyu ni mteja ambaye ukimpata yeye umepata loji zote. Nimeshaandaa jibu: naomba radhi, naeleza kwa kifupi mfumo wetu maana nahisi hakusoma, kisha nampa miezi mitatu bure. Swali langu ni dogo tu: hiyo ofa ikae juu au mwisho?

Kipepeo wa Usagara
Mkuu, hapana ni hapana. Hata mchumba akikujibu hivyo huulizi mahari utaje mwanzo au mwisho.

Mama Tunu
Vijana wa mauzo mmezidi. Simu mnapiga, meseji mnatuma, imeili mnatuma. Mtu akikuomba jambo kwa adabu mtimizie kwa adabu. Basi.

Fundi Seva
Ofa isikae popote. Huyo mama alikuwa na njia mbili: kukuandikia, au kubonyeza kitufe cha `Report spam` kilicho juu ya ujumbe wako. Ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza na hakuichagua. Ukimjibu na maelezo na ofa, kwake hiyo ni imeili ya biashara nyingine, tena imekuja baada ya kukataa. Safari hii atakibonyeza, na malalamiko kama hayo yanaweza kuua domeni unayotumia kutuma.

Mpangilio ni huu: kwanza mtoe kwenye orodha, halafu ndiyo ujibu. Wengi huanza na jibu, wakaitwa kwenye kikao, na ujumbe uliokuwa umepangwa ukatoka saa nne asubuhi chini ya ahadi yao wenyewe. Ukishahakikisha hakuna kilichobaki kwenye foleni, mjibu palepale kwenye ujumbe wake, usifungue mpya:

"Habari. Nimekuelewa. Nimeondoa anwani yako kwenye orodha yetu na hatutakutumia tena. Samahani kwa usumbufu."

Ondoa linki, picha ya nembo na ile sahihi ndefu yenye "bofya hapa uone mfumo". Zima pia ufuatiliaji wa kujua kama kafungua. Usimuulize sababu, kwa sababu swali linamdai jibu mtu aliyesema hataki mazungumzo.

Nikuulize mawili. Unatuma kwa domeni gani? Na tangu alipojibu, kuna chochote kimetoka kwako kwenda kwao?

Mzee wa Oda
Natumia domeni yetu ya kampuni, ile ya siku zote. Ila mkuu naona unamchukulia kama mtu wa kawaida. Huyu ni wa manunuzi, kazi yake ni kukataa mara ya kwanza. Nimewahi kufundishwa kwamba "hapana" ya kwanza si hapana.

Fundi Seva
Swali la pili hujalijibu.

Salesi Mtaani
Mimi napingana kidogo na Fundi. Ofa sawa, iache. Ila yeye kasema "msiNItumie". Kakataa kwa niaba yake, hajasema kampuni nzima. Mtoe yeye, endelea na meneja wa loji na mhasibu. Na ukishamtoa mfute kabisa kwenye shiti, usibaki na jina lake, sheria ya data haitaki.

Mjoli_254
Huku Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na watu wanapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Ninyi huko mna nini?

Fundi Seva
Bongo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Na kabla yake Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishagusa ujumbe wa biashara usioombwa, na inataka mpokeaji awe na njia ya kuukataa. Kwa hiyo kisingizio hakipo.

Salesi, kumfuta kabisa ndiko kunakomrudisha. Mwezi ujao mtu wa ofisini analeta shiti mpya kutoka kwenye maonyesho, jina lake limo, mfumo haumkumbuki, anatumiwa tena kama mgeni. Unachofuta ni jina, cheo, simu na maelezo uliyokusanya. Anwani yenyewe na tarehe aliyokataa unazihamishia kwenye orodha ya pembeni, iite `Usitume`, na kila shiti mpya inapita hapo kabla ya kutuma. Kama unatumia shiti za kawaida, weka hii kwenye safu ya pembeni:

```
=COUNTIF(Usitume!A:A, TRIM(A2))
```

Ikitoa 0, tuma. Namba nyingine yoyote, ruka. Hiyo `TRIM` isiachwe, kwa sababu shiti za kunakili huwa na nafasi isiyoonekana mwishoni mwa anwani, na nafasi hiyo moja inatosha kumpitisha mtu. Kwenye `Usitume` nako hakikisha anwani zimesafishwa hivyohivyo.

Dereva wa Noah
Wakuu samahani, mimi nina tatizo kama hilo. Napokea meseji za bima kila siku, nikijibu ACHA zinaongezeka. Nifanyeje?

Kipepeo wa Usagara
Mkuu wewe ndiye mama wa manunuzi. Uzi huu ni wa anayekutumia.

Mzee wa Oda
Haya. Ndiyo, kuna ujumbe ulitoka. Alijibu juzi mchana, jana saa tatu asubuhi ujumbe wa tatu ukaenda. Sikuutuma mimi, ni mfumo. Ndiyo maana nataka kumpa kitu cha kumtuliza, jamani. Miezi mitatu bure si matusi.

Mchunguzi Huru
Hapa ndipo hadithi inavunjika. Mifumo yote ya kutuma imeili za mfuatano husimama yenyewe mtu akijibu, hiyo ni sifa ya kwanza kabisa kwenye matangazo yao. Kwa hiyo ujumbe wa tatu usingetoka. Huyu jamaa katunga uzi, kesho atatuletea linki ya "mfumo bora wa hoteli". Modi, angalia hapa.

Salesi Mtaani
Ni kweli, wangu husimama. Uzi wa chai huu.

Mzee wa Oda
Nitunge ili nipate nini? Jina la kampuni yangu hamlijui hadi sasa.

Fundi Seva
Mchunguzi yuko sahihi nusu. Mfumo husimama pale jibu linapotoka kwenye anwani ileile uliyoitumia, au likiwa na alama za mazungumzo ambazo mfumo unaweza kuzifuata. Mzee wa Oda, fungua jibu lake utazame mstari wa `From`. Ulimtumia anwani ipi, na alijibu kwa ipi?

Mzee wa Oda
Dah. Nilituma kwa `manunuzi@` na `info@` ya kampuni. Yeye kajibu kwa anwani yenye jina lake.

Fundi Seva
Basi si chai. Anwani ya `manunuzi@` inaingia kwenye masanduku ya watu wawili watatu, au inasukumwa kwenda kwa mmoja. Anayejibu anajibu kwa jina lake, na mfumo wako haulijui. Kwake ni barua kutoka kwa mtu mpya. Mfuatano wa `manunuzi@` na wa `info@` yote inaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

Na hapo hoja ya Salesi inaanguka. Anwani yake binafsi haikuwa kwenye orodha yako, kwa hiyo ukiondoa "anwani yake" hujaondoa chochote. Alichokataa ni imeili zilizoingia kwa kampuni. Zuia domeni yao nzima. Weka safu B ya domeni kwenye `Usitume`, halafu:

```
=COUNTIF(Usitume!B:B, MID(TRIM(A2), FIND("@",TRIM(A2))+1, 99))
```

Tahadhari moja: loji nyingi ndogo zinatumia `gmail.com`. Usije ukaiandika kwenye safu B, utazuia nusu ya Karatu. Hao waweke mmojammoja kwenye safu A.

Mchunguzi Huru
Sawa, nakubali kuhusu `From`. Ila bado namwangalia.

Mjoli_254
Fundi, malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuua domeni kweli? Naona kama unatisha watu.

Fundi Seva
Google wanataka malalamiko yawe chini ya 0.1%, na yasifike 0.3%. Mzee anatuma 40 kwa siku, yaani 200 kwa wiki ya kazi. Kubonyeza kumoja kwenye 200 ni 0.5%. Ila usisome hesabu hiyo kama hukumu: kipimo chao kinahusu akaunti binafsi za Gmail, na kwa anayetuma kidogo hivi `Postmaster Tools`, ukurasa wao wa kuonyesha malalamiko hayo, mara nyingi hauonyeshi chochote. Kwa hiyo ukiona hapo patupu, usidhani uko salama.

Kwa kampuni kama ya huyo mama hatari ni nyingine. Msimamizi wao wa imeili anaweza kuzuia domeni yako kwa loji zote kwa dakika moja, na hutapata taarifa. Na kwa kuwa unatuma kwa domeni ya kampuni, ankara zako na majibu kwa wateja waliokwisha kulipa vinabeba sifa ileile. Imeili za kujitambulisha zingetoka kwa domeni ya pili.

Salesi Mtaani
Hapo sasa! Atume kwa hiyo domeni ya pili, mama hatamtambua.

Fundi Seva
Hapana. Domeni ya pili ni kwa wasiokukataa. Ukimfuata aliyekataa kwa jina jingine umemthibitishia kwamba hukusikia. `Usitume` inatumika kwa domeni zako zote na kwa kila mwenzako anayetuma.

Mzee wa Oda
Na huo wa jana niutaje au ninyamaze?

Mama Tunu
Utaje mwanangu. Ameuona.

Fundi Seva
Utaje kwa sentensi moja, usieleze mambo ya mfumo: "Ujumbe wa jana asubuhi ulitoka baada ya ombi lako, samahani. Nimesimamisha zote kwa anwani za kampuni yenu." Usiseme hivyo kabla hujaingia kwenye foleni na kuisimamisha kwa mkono.

Kasuku Mweupe
Mimi kwa kawaida sijibu kabisa. Namtoa kimyakimya. Kasema msinitumie, unamtumia tena kumwambia hutamtumia?

Fundi Seva
Kwa mwenye hasira au anayetaja mwanasheria, naelewa. Kwa aliyeandika "naomba", na ujumbe mwingine ukamfuata baada ya hapo, kimya kitaonekana ni dharau. Wenye kazi hii hawakubaliani, sitakudanganya.

Mzee wa Oda
Nimeingia kwenye foleni. `info@` ilikuwa imepangwa kesho saa tatu. Nimesimamisha zote mbili, domeni yao iko `Usitume`, na jibu limeenda bila ofa. Ila wakuu, mwakani kwenye maonyesho nikimkuta bandani kwake nimsalimie au nipite?

Kipepeo wa Usagara
Msalimie. Kadi acha mfukoni.

Salesi Mtaani
Baada ya mwaka ukurasa ni mpya, mtumie.

Fundi Seva
Akikupa kadi yeye mwenyewe, sawa. Tofauti na hapo tarehe haifuti kitu.

Dereva wa Noah
Na zile meseji za bima wakuu?